Mwaliko wa deti ya kwanza, kutoka Kisii hadi Nyansiongo

Mwaliko wa deti ya kwanza ni ombi dogo. Watu wawili wazima wanaofahamiana juujuu wanataka kuketi mahali pamoja kwa muda mfupi, kila mmoja aone kama kuna haja ya kuonana tena. Ujumbe unaobeba ombi hilo una kazi mbili. Kwanza unamweleza mwalikwa ni jambo gani hasa analoombwa kulikubali. Pili unamwachia njia ya kukataa bila yeyote kati yao kuaibika. Jumbe nyingi zinazotumwa kila jioni mjini Kisii, Nyamira na Ogembo huifanya kazi ya kwanza nusunusu, na ya pili huisahau kabisa.

Zamani kazi ya pili ilikuwa na mtu wake. Ndoa za Abagusii zilipitia kwa esigani, yaani mshenga, aliyekwenda kati ya nyumba mbili akichunguza ukoo, mali na tabia na kupeleka maneno ya kila upande. Jibu likiwa hapana, lilimfikia esigani kwanza, naye ndiye aliyejua namna ya kulirudisha. Kijana na msichana hawakulazimika kukataana uso kwa uso. Siku hizi esigani hayupo katika hatua za mwanzo. Nambari za simu hubadilishwa harusini, chuoni au ndani ya matatu, na mwaliko hutoka moja kwa moja kwenye simu ya mmoja hadi ya mwingine. Kwa hiyo ujumbe wenyewe ndio unaopaswa kumpa mtu nafasi ya kusema hapana kwa heshima, na ukiikosa nafasi hiyo, mwalikwa huitengeneza mwenyewe kwa kunyamaza.

Njia rahisi ya kuona ujumbe mzuri unavyojengwa ni kufuata mfano mmoja hadi mwisho. Tuseme kijana anauza dawa katika duka moja mjini Kisii. Wiki mbili zilizopita, kwenye harusi, aliketi karibu na mwalimu wa shule ya msingi iliyo karibu na Nyansiongo, kaunti ya Nyamira. Walizungumza kwa muda, wakacheka, wakapeana nambari. Tangu siku hiyo wamesalimiana kwenye WhatsApp mara nne au tano. Mwalimu hujibu, na mara nyingine yeye ndiye anayeuliza swali. Hiyo ni dalili ya kutosha kwamba mwaliko hautakuwa jambo la ghafla. Kama angekuwa anajibu neno moja moja baada ya siku mbili, mwaliko ungekuwa wa mapema.

Rasimu ya kwanza ya kijana huyo huenda ikafanana na nyingine nyingi: "Mambo mrembo. Siku moja tutoke, ama? Uko free lini?" Inasomeka kama maneno mepesi, lakini imemtwika mwalimu mzigo wote. Ni yeye atakayetafuta siku, afikirie mahali, akadirie nauli, na juu ya hayo atambue kama "tutoke" ni kikombe cha chai au ni usiku mzima. Akijibu "niko free Jumapili", amekwisha kukubali kitu asichokijua. Ndiyo maana jibu la kawaida la swali la namna hiyo ni "nitakuambia", na haambii. Watu husema kijana amepuuzwa, ingawa kwa kweli mwalimu hakuulizwa kitu kinachoweza kujibiwa.

Marekebisho huanza na siku, na katika nyanda hizi siku haichaguliwi ovyo. Waadventista wa Sabato wana mizizi mirefu Gusii. Misheni yao ya Nyanchwa, kando ya mji wa Kisii, ilianza mwanzoni mwa karne ya 20, na familia nyingi za kaunti zote mbili zinaishika Sabato tangu jua linapotua Ijumaa hadi linapotua Jumamosi. Mwadventista anayealikwa kwenda hotelini Jumamosi saa nane mchana anaombwa mambo mawili kwa pamoja: akutane na mtu, na anunue chakula siku asiyonunua. Hata akimpenda mwalikaji, atakataa, au atakubali kisha aahirishe. Mkatoliki naye, au mshirika wa kanisa la Kipentekoste, ndiye ambaye asubuhi ya Jumapili imemfungia. Haifai kukisia dini ya mtu kutokana na jina lake. Kwa kawaida mazungumzo ya awali yameshaitaja, na kama hayajaitaja, swali la "wikendi kwenu huwa ya kanisa siku gani?" linatosha na halimkeri mtu. Mwalimu wa mfano huu ni Msabato, kwa hiyo siku ni Jumapili.

Saa nayo ina sababu zake. Kisii na Nyamira ni nchi ya mvua karibu mwaka mzima, na mvua hiyo ina tabia ya kuja alasiri. Asubuhi anga huwa safi, baada ya chakula cha mchana mawingu hukusanyika, kisha radi. Mtu aliyevaa vizuri kwa miadi ya saa tisa huenda akafika amelowa, au akakaa chini ya paa la duka akisubiri, na kila dakika inayopita inampa sababu ya kurudi nyumbani. Zaidi ya hayo, giza huingia mwendo wa saa moja kasoro, na magari ya kwenda vijijini hupungua mapema zaidi. Mwanamke anayehesabu atarudije nyumbani hawezi kutulia mezani. Saa tano asubuhi ndiyo saa nzuri zaidi ya deti ya kwanza katika nyanda hizi. Haimlazimishi mtu kuamka mapema, inaitangulia mvua, na inabakiza mchana mzima wa kurudi.

Hapo kuna kosa dogo linaloharibu miadi nyingi, nalo ni namna ya kuandika saa. Vijana wa Kenya huchanganya saa ya Kiswahili na ya Kiingereza katika sentensi moja. "Tupatane saa 2" yaweza kuwa saa mbili asubuhi kwa mmoja na saa nane mchana kwa mwingine, na wote wawili wana haki. Dawa yake ni kuandika saa kwa maneno na kutaja sehemu ya siku: "saa tano asubuhi". Siku nayo iandikwe pamoja na tarehe, kwa kuwa "Jumapili ijayo" huweza kumaanisha Jumapili mbili tofauti kwa watu wawili.

Mahali ndilo jambo zito kuliko yote, na hapa mwalikaji asiwe na haraka. Wazo la kwanza la wengi ni mji wa Kisii, kwa sababu ndiko hoteli zilipo. Tatizo la mji huo ni kwamba ndio soko, hospitali, benki na steji ya eneo zima. Mtu aliyelelewa Nyamira hawezi kupita katikati ya Kisii bila kuonwa na shangazi, mwalimu wake wa zamani au jirani. Kwa Abagusii hilo si jambo dogo. Utamaduni wao una chinsoni, adabu ya staha na kuoneana haya kati ya kizazi cha wazazi na cha watoto, ambayo inataka mambo ya mapenzi yasijitokeze mbele ya wakubwa. Mwalimu akikutwa na mdogo wa baba yake akiwa ameketi na kijana asiyejulikana, hakuna atakayemkemea palepale, lakini deti itakuwa imekwisha kwa upande wake, hata akiendelea kuketi.

Wengine hukimbilia upande wa pili na kupendekeza mahali pa faragha. Nyumba ya mwalikaji haifai kabisa. Katika boma la Kigusii kijana ambaye hajaoa alikuwa na nyumba yake, esaiga, ambayo wazazi wake hawakuingia kwa sababu ya ileile chinsoni, na maana ya msichana kuonekana akiingia humo ilijulikana na kila mtu. Chumba cha kupanga mjini kimerithi maana hiyohiyo. Mwaliko wa "njoo kwangu nikupikie" hauwezi kuwa mwepesi, hata nia ikiwa ni ugali na managu tu. Miamba ya Manga nayo, upande wa Nyamira, ina mandhari ambayo watu husafiri kuiona, na huja haraka akilini mwa anayetaka kupendeza. Lakini ni mahali pa kupanda na pa upweke, na kuondoka huko mtu mmoja akiwa amechoka na mazungumzo si rahisi. Pabaki kuwa pa siku nyingine, watu wakiwa wamekwisha kuaminiana.

Kinachofaa ni mahali pa watu, penye mwanga, pa kuketi na kunywa kitu, karibu na barabara ambayo kila mmoja anaweza kuishika na kuondoka peke yake bila kusindikizwa. Kwa wawili hawa jibu linapatikana barabarani. Barabara kuu itokayo Kisii kwenda Sotik hupita Keroka, kisha huendelea upande wa Nyansiongo. Keroka yenyewe iko mpakani, sehemu yake Kisii na sehemu yake Nyamira. Kijana atapanda gari moja kutoka mjini, na mwalimu atapanda gari moja kutoka kwake. Hakuna anayemfuata mwenzake hadi nyumbani, na hakuna anayebeba safari yote. Kama Keroka ndiko mwalimu anakofanyia ununuzi wake wa kila wiki na anajulikana na kila muuza ndizi, ataweza kusema hivyo, mradi ujumbe umemruhusu kubadilisha mahali.

Suala la nauli linahitaji kutazamwa bila haya, kwa sababu limevunja urafiki mwingi kabla haujaanza. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, kumtumia mtu nauli ni kazi ya sekunde chache, na desturi ikakua ya mwanamume kutuma pesa kabla ya miadi. Desturi hiyo imezaa malalamiko yanayojulikana Kenya nzima: mmoja analia kwamba nauli yake imeliwa na mtu hakutokea, mwingine anasema alitumiwa pesa asizoomba, kisha akadaiwa fadhila ambazo hakuzikubali. Malalamiko yote mawili yana chanzo kimoja. Pesa iliyotangulia hugeuza mwaliko kuwa deni, na mtu mwenye deni hawezi kukataa kwa uhuru. Kwa deti ya kwanza ni afadhali kuchagua mahali ambapo nauli ya kila mmoja ni ndogo, kila mtu ajilipie njia yake, na anayealika alipie kinachonywewa mezani. Jambo hilo liandikwe wazi katika ujumbe, kwa maneno machache, ili mwalikwa asifike akihesabu sarafu mkobani. Na mwalikwa akiomba nauli mapema, mwalikaji anaweza kusogeza mahali karibu naye zaidi badala ya kutuma pesa. Jibu la pendekezo hilo humweleza mengi.

Kilichobaki ni muda. Mwaliko usiotaja mwisho huogopesha kuliko ule mrefu unaojulikana, maana mwalikwa hajui atatokaje mazungumzo yakikauka. Saa moja inatosha. Ikitajwa mapema, mtu anaweza kukubali kama anavyokubali kupitia mahali fulani akielekea kwingine, na mazungumzo yakinoga hakuna anayewazuia kuongeza chai ya pili.

Sasa ujumbe unaweza kuandikwa:

"Habari ya jioni, Mwalimu. Yale mazungumzo yetu ya harusini niliyafurahia, na ningependa tuyaendeleze. Jumapili hii tarehe 14 saa tano asubuhi, tunywe chai pale Keroka karibu na steji? Kama saa moja hivi, chai nitalipa mimi. Kama siku au mahali hapakufai, niambie panapokufaa. Na kama hungependa, pia ni sawa kabisa, tutasalimiana tu kama kawaida."

Sentensi inayofuata salamu inataja kitu halisi kilichotokea kati yao, hivyo mwalimu anajua kwamba ujumbe huu hakutumiwa yeye pamoja na wengine sita. Kumwita "Mwalimu" ni heshima yenye ukaribu, na humwepusha kijana na "mrembo" au "mpenzi", maneno yanayodai ujamaa usiokuwepo bado. Pendekezo lina siku, tarehe, saa na mji, na linaweza kujibiwa kwa neno "sawa". Neno "ningependa" linaonyesha kwamba huu si mkutano wa kazi. Kuficha nia hiyo ni kosa pia. Mtu anayeitwa "tujadili jambo fulani" kisha akakuta ni deti, huona amedanganywa, na ana haki ya kuona hivyo.

Sentensi mbili za mwisho ndizo zinazofanya kazi ya esigani, na ndizo ambazo watu huziogopa. Huhofia kwamba wakimpa mtu nafasi ya kukataa ataitumia. Anayetaka kukataa atakataa tu, kwa maneno au kwa kimya. Sentensi hizo humsaidia zaidi yule anayesitasita, kwa kuwa anaona kwamba kubadilisha mpango hakutaleta ugomvi. Lakini zisirefushwe. Mtu akiandika "najua wewe una shughuli nyingi, pengine hata hutaki kuonana na mtu kama mimi", ameacha kufungua mlango na ameanza kuomba kubembelezwa. Huo ni mzigo mwingine, mzito kuliko wa kwanza. Hali kadhalika "tafadhali usininyime", "nimekungoja sana" na "nikikukosa sijui itakuwaje".

Lugha ifuate ile ambayo wawili hao wamekuwa wakitumia. Salamu ya Ekegusii huongeza joto pale ambapo wote ni Abagusii na walishasalimiana hivyo. Mwalikwa anayetoka Oyugis au Sotik na anayefanya kazi tu Kisii atahisi ametengwa akiandikiwa asichokielewa. Kwa vyovyote saa na mahali viandikwe kwa maandishi, si kwa ujumbe wa sauti. Sauti inavutia, lakini haiwezi kusomwa ndani ya matatu yenye muziki, na siku ya miadi hakuna anayetaka kusikiliza dakika mbili ili akumbuke kama ilikuwa saa tano au saa sita.

Ujumbe wa Jumapili hutumwa Jumanne au Jumatano jioni, mwalimu akiwa ametoka kazini. Ukitumwa Jumamosi usiku, unamwambia mwalikwa kwamba amejaza nafasi ya mtu mwingine. Ukitumwa wiki tatu kabla, hakuna anayejua ratiba yake.

Majibu huja kwa namna chache, na kuyasoma vibaya kunaharibu hata mwaliko uliotungwa vizuri. "Sawa" ni sawa, na jibu lake ni fupi: "Vizuri, tutaonana Jumapili." Hakuna haja ya kuuliza tena kila siku kama bado atakuja. Jibu la pili ni kama hili: "Jumapili hii tuna mazishi nyumbani, labda Jumapili inayofuata." Aliyetaja siku nyingine anataka kuja, na mwalikaji anaichukua siku hiyo palepale kwa saa ileile na mahali palepale. Jibu la tatu ni "nitaangalia" au "Mungu akipenda" bila siku yoyote. Hapo mwalikaji hujibu "haina shida" na kuacha. Kama mwalimu amevutiwa, atarudi mwenyewe na siku. Asiporudi kwa wiki mbili, ujumbe mmoja mwingine wenye pendekezo jipya unaruhusiwa, na huo ndio wa mwisho.

Kimya ndicho kigumu zaidi kukipokea. Alama mbili za buluu zikionekana na jibu lisije, kishawishi ni kutuma alama ya kuuliza, au kupiga simu kujua kama ujumbe umefika. Umefika. Pengine amemaliza bando, pengine anashauriana na dada yake, pengine hataki. Ujumbe wa pili uliotumwa saa mbili baadaye hauleti jibu lolote zuri katika hali zote tatu, na katika ile ya tatu humthibitishia kwamba alifanya vyema kunyamaza. Kimya kilichofuata mwaliko ulio wazi, uliopewa siku kadhaa, ni hapana, nayo hupokelewa kama hapana iliyosemwa. Watakapokutana kwenye harusi nyingine, watasalimiana kama ilivyoahidiwa.

Mwalikwa aliyekubali naye ana la kufanya, hasa kama ni mwanamke: amwambie mtu mmoja anayemwamini anakwenda wapi, saa ngapi na na nani. Mwalikaji mwenye nia njema haoni vibaya akisikia hivyo.

Asubuhi ya Jumapili, mwendo wa saa tatu, kijana anatuma ujumbe mmoja tu: "Habari ya asubuhi. Natoka Kisii saa nne. Nitakaa meza ya karibu na mlango, nimevaa koti la buluu. Ukichelewa barabarani usijali." Kisha anapanda gari mapema, kwa sababu matatu ya Keroka haiondoki hadi ijae, na Jumapili asubuhi huchukua muda kujaa.